Baridi ya Chuma: Kile Ambacho Mkono Hupima na Kile Usichoweza Kupima

Mlaji mmoja alituletea chupa ya maji iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, akaeleza kwamba aliinunua kwa bei iliyozidi mara tatu bei ya chupa ya plastiki yenye ujazo uleule. Muuzaji alimwambia kuwa chuma hicho "hutoa baridi" chenyewe, na kwamba maji yakiwekwa humo yatapoa bila friji. Mlaji huyo hakuwa mtu wa kuamini maneno matupu. Alizishika chupa zote mbili zilizokuwa bega kwa bega kwenye rafu ileile, moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, na bila shaka yoyote ile ya chuma ilikuwa baridi zaidi. Akalipa. Nyumbani, maji aliyoyatia asubuhi yalikuwa na joto lilelile la maji ya ndoo ilipofika mchana.

Tuliziweka chupa mbili za namna hiyo mezani, mbali na dirisha, tukaziacha usiku kucha. Asubuhi tulipima uso wa kila moja kwa kipimajoto cha kubandika. Chumba kilikuwa na nyuzi 25 za Sentigredi, chupa ya plastiki nyuzi 25, na chupa ya chuma nyuzi 25. Hata hivyo, kila mfanyakazi aliyezigusa alisema ya chuma ndiyo baridi. Kipimajoto hakikukosea, wala wafanyakazi hawakusema uongo. Vilipima vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, kwa sababu imewagharimu watu fedha na, pale kitu kinapokuwa cha moto, imewagharimu ngozi ya viganja.

Kwanza ni lazima tukubaliane juu ya jambo moja ambalo wengi huliona gumu. Vitu vilivyokaa pamoja muda wa kutosha katika chumba kimoja, pasipo jua wala moto, huwa na halijoto moja. Kitasa cha mlango na ubao wa mlango huo, kisu na mpini wake, miguu ya chuma ya meza na uso wake wa mbao, vyote hufikia halijoto ya hewa inayovizunguka. Chuma hakina baridi yake chenyewe, kama vile blanketi lisivyokuwa na joto lake. Blanketi lililokunjwa kabatini lina halijoto ya kabati.

Kilicho tofauti na vyote humo chumbani ni mkono wako. Mwili huzalisha joto muda wote, na ngozi ya kiganja, mtu akiwa ametulia, huwa karibu nyuzi 33. Chini ya ngozi hiyo kuna ncha za neva zinazoupa ubongo habari za joto na baridi. Ncha hizo hazina njia ya kuingia ndani ya kitu unachokishika. Zinachojua ni halijoto ya ngozi zilimo, na jinsi halijoto hiyo inavyopanda au kushuka, na kwa kasi gani. Ukisema "chuma hiki ni baridi," habari uliyoletewa na mkono ni nyingine: ngozi yangu inapoteza joto upesi.

Upesi huo hutegemea mambo mawili yaliyo ndani ya kitu. La kwanza ni jinsi joto linavyopita humo. Chuma cha kawaida hupitisha joto mara 300 hivi kuliko ubao mkavu, na alumini hupitisha zaidi ya mara 1,000. La pili ni kiasi cha joto ambacho kitu huweza kukimeza kabla hakijapanda joto. Kipande cha chuma humeza mara tatu hadi nne ya kile kinachomezwa na kipande cha ubao chenye ukubwa uleule. Yaweke hayo mawili pamoja, kisha ufikirie kiganja kinachogusa ubao. Joto la ngozi huingia katika tabaka jembamba la juu la ubao na kukwama hapo, kwa maana haliwezi kwenda mbele. Tabaka hilo hupata joto mara moja, likalingana karibu na ngozi, na mkono haupotezi tena kitu cha kuonekana. Katika chuma, joto linapoingia huondoka papo hapo na kusambaa ndani, ule uso unaoguswa ukabaki vilevile ulivyokuwa, tayari kupokea jingine. Mkono hutoa, na chuma hakishibi.

Wataalamu wa joto huyaunganisha mambo hayo mawili katika kipimo kimoja, ambacho tunaweza kukifikiria kama nguvu ya kila upande katika mchezo wa kuvuta kamba. Tukiupa ubao mkavu nguvu ya 1, ngozi ya binadamu huwa na 3 hivi, na chuma cha kawaida huwa na 34. Kamba yenyewe ni tofauti ya halijoto kati ya mkono na kitu. Mkono una nyuzi 33, kitu kina nyuzi 25, kwa hiyo urefu wa kamba ni nyuzi 8. Mkono ukigusa ubao, nguvu zote kwa pamoja ni 4, na ubao unamiliki sehemu moja tu kati ya hizo nne. Basi ngozi huvutwa robo ya kamba, yaani nyuzi 2, na mahali zinapokutana huwa na nyuzi 31. Mkono ukigusa chuma, nguvu zote ni 37, na 34 kati ya hizo ni za chuma. Ngozi huvutwa karibu kamba nzima, nyuzi 7 na ushei, hata ikafika chini kidogo ya nyuzi 26. Huo ndio mshangao wa kitasa cha mlango: kitu ni nyuzi 25 pande zote mbili, lakini ngozi upande mmoja iko 31 na upande mwingine iko 26, na ubongo huripoti kwa uaminifu hali ya ngozi.

Chuma kisichoshika kutu hupitisha joto kwa uhafifu kuliko chuma cha kawaida, lakini nguvu yake bado ni 19 hivi, na ngozi huvutwa nyuzi 7 kasoro kidogo. Kioo kina nguvu ya 4 hivi, na plastiki nyingi ziko kati ya 1 na 2, karibu sana na ubao. Basi mlaji wetu alipozishika chupa zake mbili, mikono yake ilikuwa imelinganisha aina mbili za mali, na haikuwa imelinganisha halijoto hata kidogo. Sakafu ya vigae na mkeka uliotandikwa juu yake hutupa hukumu hiyohiyo kila asubuhi.

Hesabu hiyo ina mipaka, na ni vema mnunuzi aijue. Inafaa kwa kitu kinene. Karatasi ya alumini ya kufungia chakula ni alumini halisi, lakini ukiigusa haikupi baridi kali, kwa kuwa ni nyembamba mno kiasi kwamba hujaa joto la kidole mara moja. Chupa tupu yenye ukuta mwembamba hufanana nayo kwa kiasi fulani: ishike kwa kiganja chote bila kuiachia kwa muda wa dakika moja au mbili, nawe utahisi ile baridi ikififia. Baridi iliyotoka katika chuma chenyewe isingalififia kwa kushikwa. Tena, ikiwa halijoto ya chumba imekaribia ile ya ngozi, kamba yenyewe inakuwa fupi. Katika joto la Februari mjini Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 32, kitasa na mlango huhisika karibu sawa. Asubuhi ya Julai huko Makete, kitasa hichohicho kinauma mkono. Kama chuma kingekuwa kinatoa baridi, kingekuwa na kazi zaidi Dar es Salaam kuliko Makete.

Asiyesadiki na afanye jaribio ambalo halihitaji kipimajoto. Chukua kikaango kizito cha chuma au alumini na kibao cha kukatia nyama kilicho kikavu. Viache pamoja usiku kucha, mbali na jiko na dirisha. Asubuhi kipindue kikaango, kisha uguse vyote viwili na uwaulize waliomo nyumbani: barafu itakaa zaidi juu ya kipi? Karibu kila mtu atakionyesha kikaango, kwa kuwa ndicho baridi. Sasa weka juu ya kila kimoja kipande cha barafu, viwe na ukubwa sawa. Kile cha kwenye kikaango kitaanza kutoa maji mara moja na kwisha mapema, na kile cha kwenye kibao kitadumu zaidi. Mkono ulikuwa na joto kuliko kikaango, hivyo kikaango kikalichukua joto lake. Barafu ina joto dogo kuliko kikaango, hivyo kikaango kinaipelekea joto, kwa upesi uleule. Chuma hakichagui upande. Kazi yake ni kupitisha.

Kutokana na hayo, maneno ya muuzaji yanaweza kupimwa palepale dukani. Akisema kuwa chombo cha chuma hupoza maji, mwombe atie maji ya kawaida katika chombo hicho na katika glasi, asubiri nusu saa, kisha apime yote mawili kwa kipimajoto mbele yako. Kidole hakifai kwa kazi hiyo. Chombo kinachopoza maji kweli bila umeme kipo, nacho ni mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Maji hupenya katika vitundu vya udongo, yakafika nje na kukauka kwa hewa, na katika kukauka huondoa joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi ukipimwa huonyesha kweli halijoto ndogo kuliko ya chumba, hasa mahali penye upepo na hewa kavu. Chuma hakina vitundu, na hakuna kinachokauka juu yake.

Iko pia chupa ya chuma yenye kuta mbili, iliyoondolewa hewa katikati kama ilivyo chupa ya chai. Hiyo ni bidhaa halali na ina thamani yake, lakini kazi yake ni kuhifadhi: ukitia maji baridi yatakaa baridi, ukitia maji ya kawaida yatakaa ya kawaida. Baadhi ya wauzaji huuza chupa ya ukuta mmoja kwa jina na bei ya chupa ya kuta mbili. Jaribio lake ni la dakika chache. Iombwe itiwe maji ya moto, kisha uguse ubavu wake kwa nje kwa tahadhari. Ukuta mmoja utakuwa wa moto papo hapo. Kuta mbili zilizo nzima hubaki za kawaida. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, kwa hiyo ahadi kwamba chombo "hutoa baridi" si porojo ya kusahaulika. Omba iandikwe kwenye stakabadhi. Kwa uzoefu wetu, wengi huacha kuisema hapo hapo.

Mkono hupotoka vilevile mbele ya friji inayouzwa. Rafu ya waya wa chuma itahisika baridi sana, na sanduku la plastiki la mboga lililo chini yake litahisika kama halikupoa, ilhali huenda vyote vina halijoto moja. Mkono hauwezi kukutofautishia nyuzi 5, ambazo zinafaa kwa kuhifadhi maziwa na nyama, na nyuzi 10, ambazo hazifai. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, uiache ikae usiku kucha, kisha usome.

Mpaka hapa hasara imekuwa ya fedha. Mkono ukikutana na kitu chenye joto kuliko ngozi, kamba huvutwa kwa upande wa pili na hasara huwa ya mwili. Tuchukue vipini viwili, kimoja cha ubao na kimoja cha chuma, vyote vikiwa na nyuzi 60. Kamba sasa ni nyuzi 27. Kipini cha ubao huivuta ngozi robo yake, ikafika karibu nyuzi 40: utahisi joto, lakini utaendelea kukishika. Kipini cha chuma huipandisha ngozi hadi nyuzi 58 hivi, nayo huungua katika muda wa sekunde chache. Hii ndiyo sababu mwiko wa mti waweza kuachwa ndani ya ugali na kushikwa tena, lakini upawa wa alumini uliosahauliwa ndani ya mchuzi hauthubutiwi. Hapo kuna sababu mbili zinazosaidiana: upawa wa alumini umelisafirisha joto kutoka kwenye mchuzi hadi mwisho wa mpini, na huo mpini ukishikwa unalikabidhi joto hilo kwa kiganja bila kuchelewa.

Kwa hiyo unaponunua sufuria au kikaango chenye kipini, usitosheke kuona kwamba kipini kimefunikwa kwa ubao au plastiki ngumu. Tazama parafujo na ribiti zinazokishikilia. Ikiwa kichwa cha parafujo kimetokeza pale vidole vinapopita, joto litapita humo na kukuunguza katika nukta hiyo moja, na mtu aliyeungua hivyo huachia sufuria yenye maji yanayochemka. Kichwa cha parafujo kinapaswa kuzama ndani au kiwe mbali na mahali pa kushikia. Ikiwa kipini ni cha chuma kitupu, kile cha chuma kisichoshika kutu ni afadhali kuliko cha alumini, kwa kuwa hupitisha joto kwa kiasi cha mara 15 pungufu, na huchelewa sana kupata moto mwishoni. Hata hivyo faida hiyo hupotea juu ya jiko la mkaa, ambapo moto hukipiga kipini chenyewe kwa nje.

Sufuria zetu za kawaida za alumini hazina kipini chochote, nazo huepuliwa kwa kitambaa au vipande vya boksi. Hapo kinachokukinga hasa ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi za kitambaa au mikunjo ya boksi. Kitambaa kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Mpishi anayetumia kitambaa kilekile alichofutia meza huungua kwa kitambaa kilichomkinga jana yake. Kitambaa cha kuepulia kiwe kinene, kikavu, na kisifanye kazi nyingine.

Vitu vilivyoanikwa juani vina hesabu ya namna yake, kwa kuwa jua halivipashi joto kwa usawa. Benchi la mbao lenye rangi nyeusi laweza kuwa na joto kuliko la chuma lililopakwa nyeupe. Lakini tusiwaruhusu watoto wadogo kujaribu wenyewe kwenye pembea na mitelezo ya chuma wakati wa mchana. Weka mgongo wa mkono wako pale kwanza. Ukishindwa kuuacha hapo, mtoto asikalie.

Liko jambo la mwisho ambalo hupuuzwa hata na wanaoyajua haya yote. Faida ya ubao na plastiki dhidi ya chuma ni faida ya muda mfupi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13732-1, kinachohusu kugusa nyuso zenye joto, huweka kikomo cha kuungua kwa mguso wa dakika 1 kuwa nyuzi 51 kwa chuma kitupu na nyuzi 60 kwa ubao. Mguso ukifika dakika 10, kikomo kinakuwa nyuzi 48 kwa vitu vyote bila kubagua. Ukifika saa 8 ni nyuzi 43. Muda ukirefuka, joto hupata nafasi ya kufika hata likipita polepole, na ngozi haijali tena limepitia wapi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga na kuwekwa miguuni pa mzee aliyelala huhisika vuguvugu tu inapowekwa, na kwa kuwa haichomi, haimwamshi. Iondolewe kitandani kabla hajasinzia, hasa ikiwa ana kisukari na miguu yake imepungua hisia.